Pesa imeenda namba siyo, na aliyeipokea sasa hashiki simu

*"Asalamaleikum kaka. Jana jioni nimetuma elfu kumi na nne na mia tano kwa fundi wangu wa mapazia, kumbe namba nimegeuza tarakimu mbili za mwisho, ikaenda kwa mtu simjui. Nikampigia akashika, akasema ngoja atanirudishia, tangu hapo hashiki tena. Niko Kisauni, pesa zenyewe ni za mteja. Je, mtandao wanaweza kunirudishia kweli ama niseme basi?"*

Waaleikum salaam dadangu. Usiseme basi bado. Lakini kuna kitu hujanitajia na ndicho cha kwanza kabisa, kwamba ile meseji ya M-PESA umeituma 456 ama hujaituma. Kama hujaituma acha kusoma hapa, nenda ufanye hivo sasa hivi kisha urudi, manake kila dakika unayosoma ni dakika ambayo yule mtu anaeza kuwa amesimama dirishani kwa ejenti.

Inafanywa hivi. Fungua ile meseji uliyopata wakati pesa ilipotoka kwako, ile inayoanza na kodi ya herufi na namba kumi, imekaa namna hii:

```
TCE4XXXXXX Confirmed. Ksh12,000.00 sent to JINA LA MTU
07XXXXXXXX on 14/3/25 at 6:42 PM. New M-PESA balance is
Ksh340.00. Transaction cost, Ksh100.00.
```

Iforwadi nzima kama ilivyo kwenda 456. Usikate kipande, usiongeze "tafadhali nisaidieni nimekosea", usiiandike upya kwa mkono wako, manake inayosoma pale kwanza si mtu, ni mashine, na inachotafuta ni ile kodi. Ukiiandika upya utaweka O mahali pa sifuri na ombi lako halitafika popote. Ukishatuma utapata jibu kwamba ombi limepokewa, na hilo jibu usilifute kabisa, ndio ushahidi wako wa saa uliyoripoti.

Sasa kuna kosa moja naliona karibu kila wiki hapa dukani, nami nimekuwa ejenti miaka mingi, nalo ni la simu za laini mbili. Mtu ana Safaricom upande mmoja na laini ya mtandao mwingine upande wa pili, na simu yake ameiseti meseji zitoke na ile laini ya pili kwa sababu ndiko alikonunua bando la meseji. Akiforwadi 456 inatoka na laini siyo. Yeye anaona meseji imeenda, alama ya tiki iko pale, anakaa anangoja, kumbe Safaricom hawajapata kitu. Ombi lazima litoke kwa ile laini iliyotuma pesa. Kwa hivo ukituma na hupati jibu dakika chache, usidhani mtandao uko bize, angalia kwanza meseji yako imetoka laini gani, na utaona hapo chini ya meseji pameandikwa 1 ama 2 ama jina la laini.

Kama ile meseji umeifuta, ama simu ndiyo imezima na betri imekufa, piga 100 kwa laini ya kawaida, au 200 kama ni ya kulipa mwisho wa mwezi, uwe na namba ya kitambulisho chako, kiasi ulichotuma na saa uliyotuma. Itachukua muda kwenye foleni lakini wanaeza kulifungua ombi kutoka upande wao. Waambie neno moja tu la kwanza, "nimetuma pesa namba siyo nataka irudishwe", usianze hadithi ya fundi na mapazia. Akikupa namba ya ombi iandike.

Sasa swali lako lenyewe, kama mtandao wanaeza. Jibu ni ndio, lakini si vile watu wanavyofikiria, na hapa nataka nikueleze vizuri kwa sababu ukielewa hapa hutasumbuka na maneno ya kusikia.

Watu wanadhani pesa uliyotuma iko njiani, kama mzigo wa basi la Nairobi, kwamba ukipiga simu Mtito Andei unaeza kuusimamisha. Sio hivo. Ukibonyeza tu, sekunde ileile pesa imetoka kwenye salio lako imeingia kwenye salio lake. Ni yake kwenye vitabu. Kwa hivo kurivasi sio kusimamisha kitu, ni kuchukua pesa kutoka kwa akaunti ya mtu mwingine ambaye hakufanya kosa lolote, kwa neno lako wewe tu. Fikiria wangekuwa wanachukua hivihivi bila kumuuliza, pale Kongowea mtu ananunua gunia la viazi, analipa kwa M-PESA, muuzaji anaona meseji anaachia mzigo, mkokoteni haujafika hata barabarani yule mnunuzi ashatuma 456 "nimekosea namba". Wauza viazi wote wangefunga. Ujanja huo watu wanaujaribu hadi leo, ndio maana mtandao ni lazima umuulize aliyepokea.

Kwa hivo kinachofanyika ni vitu viwili, na mpangilio wake ndio muhimu. Kwanza mfumo unaangalia kwenye salio la aliyepokea, ukikuta pesa ile ipo unaishika, yaani inabaki kwake lakini hawezi kuitoa wala kuituma. Pili ndio anaulizwa, pesa hii ni yako ama ilikuja kwa makosa. Akikubali inarudi kwako. Akikataa, akisema hii ni ya biashara nimemuuzia kitu, Safaricom hawawi hakimu, wanakwambia mkasuluhishe wenyewe ama mwende polisi. Haya yote utaambiwa usubiri hadi saa 72, ingawa mtu akiwa muungwana inaeza kurudi siku hiyohiyo.

Umeona basi kwamba mchezo wote uko kwenye ule mshiko wa kwanza. Mshiko unategemea kitu kimoja tu, pesa iwe bado ipo. Ikiwa ameshaitoa kwa ejenti, ameituma kwa mwingine, amelipia stima ama amenunua bando, hakuna cha kushika, na mtandao hauwezi kumchukulia pesa ambayo hana.

Na hapo ndipo nakuja kwa lile jambo la kumpigia simu. Silaumu, kila mtu ndivyo anavyofanya, mkono unaenda wenyewe. Lakini mpangilio sahihi ni 456 kwanza, simu baadaye. Ukimpigia kabla, umemwambia vitu viwili kwa pamoja, kwamba kuna pesa kwenye simu yake ambayo pengine alikuwa hajaiona, na kwamba kuna mtu anaitaka. Mtu mwema atakurudishia, sawa, lakini hujui kama ni mwema. Kijana mmoja jirani yangu alikaa dakika 40 akimbembeleza mtu kwa simu, "ndugu yangu nakuomba, ni karo ya mtoto", na yule upande wa pili anamjibu vizuri kabisa, "haya nimefika kwa nyumba nitakutumia, haya ngoja nile kwanza". Alipokuja kwangu tukaforwadi, jibu likaja kwamba salio halitoshi. Zile dakika 40 jamaa alikuwa njiani kuelekea kwa ejenti.

Hebu nikupe na nyingine ilivyokwenda vizuri, nikuhadithie yote kwa sababu kuna mambo yatakukuta na wewe.

Mama mmoja muuza samaki, mteja wangu, alituma 12,000 kwa mtu wa mashua ikaenda namba nyingine, alikosea tarakimu moja tu katikati. Saa kumi na mbili na dakika 42 jioni. Akaja mbio kwangu kabla ya saa moja, mikono bado ina magamba, simu imeshikwa kwa ncha za vidole. Ashaforwadi mara tatu na hapati jibu. Nikaangalia, laini ya pili. Tukabadilisha, tukatuma, jibu likaja hapohapo. Nikamwambia sasa mpigie, na umwambie hivi, mimi naitwa fulani, nimekutumia pesa kwa makosa, nimeshawaambia Safaricom, watakuuliza, nakuomba ukubali tu. Akapiga, simu haikushikwa. Akalala hivo.

Asubuhi mapema anapigiwa na mzee mmoja anafoka. Yuko upande wa Voi. Alikuwa ameona ile pesa usiku akajua ni mwanawe aliye ng'ambo amemtumia, kapanda bodaboda mpaka kwa ejenti kutoa, pesa inaonekana lakini haitoki, ejenti anamwambia imeshikwa. Ashalipa bodaboda kwenda na kurudi bure, na sasa anauliza nani amemfungia pesa zake. Yule mama alikuwa ameshapandisha, alitaka kumjibu kwa ukali, nikamwambia la, huyu mzee hajafanya kosa, wewe ndio umemuingizia shida. Akamuomba radhi, akamsomea ile meseji, saa na kiasi. Yule mzee akanyamaza kidogo, akasema ngoja nimuulize mwanangu kama ametuma. Mtoto akasema hakutuma. Saa nne asubuhi Safaricom wakamuuliza akakubali, na muda mfupi baadaye zile 12,000 zikarudi kamili. Yule mama akamtumia mzee 300 ya bodaboda. Hakulazimishwa, ila naona ilikuwa haki.

Ukiangalia pale, kilichookoa ile pesa sio wema wa mzee peke yake. Usiku ule alikuwa kwa ejenti na kitambulisho mkononi. Kama ile meseji ingekaa kwenye laini siyo mpaka asubuhi, mzee angetoa pesa zake kwa roho safi kabisa akiamini ni za mwanawe, angenunua unga na mafuta, na kesho yake mama anadai 12,000 kwa mzee ambaye hana kitu.

Sasa turudi kwako. Yule mtu wako alishika simu akakubali kwamba pesa imefika. Hilo ni jambo kubwa, liandike, saa ngapi ulimpigia na alisema nini, na usifute rekodi ya simu zilizopigwa. Kama 456 umetuma na imejibiwa vizuri, mtumie meseji ya kawaida, sio kumpigia mara ishirini. Mtu akipigiwa mara ishirini anaogopa ama anakasirika, anakublok. Meseji anaisoma akiwa peke yake. Na ndani ya hiyo meseji kuna jambo moja lazima uliseme wazi, kwamba asitume yeye mwenyewe, akubali tu atakapoulizwa.

Nakwambia hivo kwa sababu wengi wanaokataa kurudisha sio wezi, wanaogopa kurudisha mara mbili. Mtu ameambiwa na watu, ukitumiwa pesa kwa makosa ukairudisha kwa mkono wako, yule aliyetuma anaeza kuwa ashafungua ombi kwa mtandao, pesa ikachukuliwa tena, ukawa umetoa 29,000 kwa 14,500. Na hofu hiyo ina msingi, matapeli wanatumia njia hiyohiyo. Kisha kuna gharama, akikutumia yeye anakatwa na mtandao kutoka mfukoni mwake kwa kosa lako wewe. Kwa hivo ukimwambia "usitume, wewe kubali tu" umemuondolea hofu zote mbili. Na kama anang'ang'ania kukutumia mwenyewe na akakutumia, basi wewe uwe mkweli, piga 100 siku hiyohiyo uwaambie pesa nimeshapata lifungeni ombi.

Kuna jambo lingine linaeza kuwa ndio sababu hashiki simu, na wengi hawalijui mpaka liwafike. Fuliza. Tangu Januari 2019 watu wamezoea kutuma pesa wasiyonayo, mtandao unawafulizia, na deni lile linajilipa lenyewe pesa yoyote ikiingia. Neno ni *yoyote*. Mfumo haujui kwamba 14,500 zako zimeingia kwa bahati mbaya. Kama yule mtu alikuwa na deni la 9,000, sekunde ileile pesa yako imeingia, 9,000 imemezwa, amebaki na 5,500, na hakugusa kitu. Anapata meseji kwamba sehemu ya pesa imelipa Fuliza yake. Wewe unapiga unasema nirudishie 14,500, yeye anaangalia salio anaona 5,500, anasema "ngoja nitakurudishia" kwa sababu hajui aseme nini, halafu anazima simu.

Utajuaje kama ndio hivo? Mara nyingi ombi lako litarudi na jibu kwamba salio halitoshi ingawa umeripoti haraka, dakika mbili tatu. Hiyo ni dalili kubwa kwamba pesa haikutolewa, imemezwa. Muulize kwa upole, "ndugu, ama ilikatwa na Fuliza?" Nimeona mtu akifunguka hapohapo, manake ameona unamuelewa. Ukweli wa mambo ni kwamba deni lake limelipwa na pesa yako, amefaidika, kwa hivo bado anadaiwa na wewe. Lakini ni mtu wa kukulipa polepole. Kubaliana naye kwa meseji, sio kwa mdomo, sema elfu tatu kila mwisho wa wiki mpaka iishe, naye ajibu "sawa". Lile "sawa" lililoandikwa ndio mkataba wenu.

Kabla sijasahau, kwa kuwa umeiweka shida yako hadharani, jitayarishe kwa simu za ajabu. Leo ama kesho atakupigia mtu anajiita wa kastama kea, sauti tamu, anajua jina lako, anasema pesa yako tumeiona imekwama tunataka kukurudishia. Kisha atataka pini, ama akuambie bonyeza hivi na hivi, ama utume 500 ya kufungulia. Safaricom wanapompigia mteja wanatumia 0722 000 000, na kurivasi hakulipiwi kwa mtu yeyote, na pini yako hawana haja nayo hata siku moja. Mtu aliyepoteza pesa ndiye rahisi zaidi kuibiwa mara ya pili, kwa sababu anatamani kuamini. Nimeona mtu aliyekosea namba ya 2,000 akaishia kupoteza 17,000 siku ya pili kwa simu ya namna hiyo, na zile 2,000 zenyewe zingerudi tu.

Sasa tuseme saa 72 zimepita, yule mtu amekataa, ama hapatikani, na pesa imekwisha kutolewa. Hapa mtandao umefika mwisho wake. Ukienda dukani kwao ukawaambia nipeni majina na anapokaa hawatakupa, na sio roho mbaya, sheria ya kulinda data ya 2019 haiwaruhusu kukupa habari za mteja mwingine hivihivi. Wanazitoa kwa polisi ama korti wakiombwa inavyotakiwa. Kwa hivo hatua inayofuata ni stesheni iliyo karibu nawe, uandikishe kwenye OB.

Usiende ukasema "nimeibiwa", kwa sababu afisa atakuuliza ameibaje na wewe ndiye umetuma, na mtaishia kubishana pale kaunta. Sema nimetuma pesa kwa makosa, aliyepokea anajua ni makosa na ameizuia. Kosa hilo lina jina lake kwenye sheria. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ya 2018, kifungu cha 35, inasema mtu anayezuia kwa makusudi meseji ama malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kwa makosa anatenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000 ama kifungo kisichozidi miaka miwili, ama vyote. Neno la kuangalia hapo ni "kwa makusudi". Ndio maana nimekwambia utunze rekodi ya ile simu aliyoshika na meseji ulizomtumia, kwa sababu zinaonyesha alijua. Yule mzee wa Voi kama angetoa pesa usiku ule hangekuwa na kosa lolote, alidhani ni yake. Huyu wako alisema kwa mdomo wake atarudisha.

Beba kitambulisho, ile meseji ya M-PESA ikiwa bado kwenye simu na pia umeipiga skrinshoti, jibu la 456, na taarifa ya M-PESA yako ya siku hiyo, ambayo unaeza kuiomba kwa *334# ama kwenye apu ikaja kwa imeili. Afisa akishaandika, hakikisha unaondoka na namba ya OB, iandike pale pale na tarehe yake. Bila hiyo namba ni kama hukwenda.

Na hapa nikwambie maoni yangu. Kwa 14,500, mara nyingi haifiki mbali zaidi ya hapo. Ukishapata namba ya OB mtumie meseji moja ya mwisho, tulivu, hakuna matusi hakuna vitisho vya ushirikina, kwa sababu matusi yatakugeukia wewe kama ushahidi. Andika kitu kama hiki: "Habari ndugu. Mimi ndiye niliyekutumia 14,500 tarehe fulani saa fulani kwa makosa, na ulishika simu ukasema utarudisha. Nimeripoti kwa mtandao na kwa polisi, OB namba fulani. Sitaki tufike mbali. Nikubalie ombi la mtandao ama tupatane utanilipa vipi kufikia Ijumaa." Basi. Nimeona hiyo meseji ikirudisha pesa baada ya wiki nzima ya kimya, kwa sababu mtu aliyekuwa anajiambia "ni bahati yangu" anaona kumbe kuna karatasi.

Asiporudi hata hapo, kuna Korti ya Madai Madogo, na hapa Mombasa ipo. Inasikiza madai hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Pesa ya mtu iliyokaa mkononi mwa mwingine ni moja ya madai inayoyapokea. Shida sio korti, shida ni kumpata wa kumshtaki, manake wewe unalo jina lililotokea kwenye meseji na namba ya simu basi, hujui anakaa Lamu ama Kakamega, na hati za korti lazima zimfikie. Ndio maana OB inatangulia, upelelezi wa polisi ndio unaoweza kukupatia mtu mwenyewe. Ingekuwa laki moja ningekwambia nenda bila kusita. Kwa 14,500 piga hesabu ya nauli, siku za kazi utakazokosa na gharama ya kufungua faili, kisha uamue.

Jambo la mwisho ni kuhusu namba yenyewe. Unasema umegeuza tarakimu mbili za mwisho, kwa hivo mwanzo ni uleule na nachukulia ni Safaricom kwa Safaricom. Lakini watu siku hizi wanahama mtandao na namba zao, kwa hivo mwanzo wa namba hauhakikishi kitu. Angalia meseji yako vizuri, kama inaonyesha ilikwenda Airtel Money basi ujue salio aliloingiziwa liko kwa mtandao mwingine, Safaricom hawawezi kulishika wao wenyewe. Hapo piga 100 uzungumze na mtu, uwaambie ilitoka kwenda mtandao mwingine, kisha upige na kwa Airtel na ile kodi mkononi. Itachelewa zaidi.

Na yule mteja wako mwenye pesa, mwambie leo. Mtumie skrinshoti ya jibu la 456 kabla hajasikia kwa fundi.